Mtuhumiwa aliyejificha kwenye laptopu yangu

Najua nimepotea humu, ila mwaka wa tatu si mchezo, na wiki hii nusura nipangiwe fildi mahali nisipokujua kwa sababu ya kitu kidogo ambacho nilikiweka mwenyewe kwenye laptopu yangu. Ngoja niwasimulie, maana nina uhakika kuna wengine humu yatawakuta.

Basi bwana, mnajua tunatakiwa kuchagua mkoa na wilaya ya kwenda kufundishia kupitia tovuti, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa 12 jioni. Mimi nilikuwa nimeshapanga: Tanga, wilaya ya Muheza, kwa mama mdogo, silipi pango wala chakula. Ukichelewa wanakupanga wao, na hapo ujitafutie chumba kwa hela ya mfukoni.

Jumatano usiku nikaingia. Nikachagua mkoa, Tanga. Orodha ya wilaya ilitakiwa ijae yenyewe, lakini wapi! Nyeupe, tupu. Nikabadilisha nikaweka Morogoro, tupu vile vile. Nikazima laptopu nikaiwasha. Tupu. Na bila kuchagua wilaya, kitufe cha kutuma hakibonyezeki.

Nikakumbuka niliwahi kusikia kwamba tovuti ikileta shida uijaribu kwenye dirisha fiche. Natumia Chrome, kwa hiyo nikabonyeza Ctrl+Shift+N, likaja lile dirisha jeusi, nikaingia na nywila yangu. Tupu tena. Nikasema basi, tovuti yenyewe imeharibika, nikalala. Alhamisi yote sikugusa, nangojea waitengeneze. Jamani, hilo ndilo kosa lililonigharimu siku nzima.

Alhamisi usiku rumeti wangu akafungua tovuti ile ile kwenye laptopu yake, wilaya zote zikaja: Handeni, Kilindi, Korogwe, hizo hapo. Nikaduwaa.

"Shoga, hilo dirisha fiche lako lilikuwa safi kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, si ndiyo kazi yake? Akacheka, akaniandikishia hii kule juu kwenye anwani:

```
chrome://extensions
```

Hapo ndipo vinapokaa viendelezi vyote, yaani vile vijiprogramu unavyoongeza kwenye kivinjari. Nilidhani ninavyo vitatu. Vilikuwa vinane! Cha kuzuia matangazo, cha kutafsiri maneno, cha kugeuza kurasa ziwe nyeusi usiku, cha kutunza nywila, cha kupiga picha ukurasa, cha kusahihisha Kiingereza, cha kupakua video, na kimoja cha kuzuia tovuti zisikufuatilie ambacho kaka yangu aliniwekea tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeshakisahau kabisa.

Sasa sikilizeni. Kwa kawaida kiendelezi hakifanyi kazi kwenye dirisha fiche mpaka wewe mwenyewe ukiruhusu. Ukibonyeza Details kwenye kila kimoja utaona swichi imeandikwa Allow in Incognito. Kwangu viwili vilikuwa vimeruhusiwa: cha kuzuia matangazo na kile cha kaka. Kwa hiyo jaribio langu la Jumatano lilikuwa la uongo. Niliingia kwenye chumba nikidhani kiko kitupu, kumbe nimeingia na watuhumiwa wawili.

Tukazima swichi hizo mbili, tukafunga madirisha fiche yote, tukafungua jipya. Nikaingia, nikachagua Tanga. Wilaya zikamwagika zote! Nikachagua Muheza nikatuma pale pale, saa 4 usiku. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini fildi tunatuma ripoti kila wiki kupitia tovuti hiyo hiyo, sitaki kila wiki nianze kuhangaika. Nikasema lazima nijue ni nani. Nikasema kwa kujiamini, "Ni hiki cha matangazo, nakizima."

Rumeti akanizuia. Yeye ni wa Hisabati, hapendi kubahatisha. Akasema dirisha fiche linabadilisha vitu viwili kwa mpigo: linaacha viendelezi nje, na pia linaanza bila vidakuzi vya zamani, yale mafaili madogo ambayo tovuti inayaweka ili ikukumbuke. Kwa hiyo tovuti ikikubali mle, bado hujui kama mkosaji ni kiendelezi au kidakuzi kilichochakaa. Mimi wa Kemia nikaona aibu, maana maabara tunafundishwa hivyo hivyo, badilisha kitu kimoja tu.

Tukarudi dirisha la kawaida, bila kugusa vidakuzi. Fomu bado ilikuwa inaruhusu kuhariri, kwa hiyo nilikuwa na mahali pa kujaribia. Tukazima viendelezi vyote vinane, tukapakia ukurasa upya. Wilaya zikaja. Hapo vidakuzi vikaachiwa huru, kesi ikabaki kwa wale wanane.

Sasa tukaanza kuwasha kimoja kimoja. Unawasha, unapakia ukurasa upya, unachagua Tanga, unaangalia. Kupakia upya ni lazima, kwa sababu kiendelezi kikishaingia kwenye ukurasa ulio wazi, mara nyingi ukikizima athari yake inabaki pale mpaka uupakie tena. Mimi mara mbili nilisahau tukarudia. Na kama fomu ina maelezo marefu yaandike kwanza pembeni, maana ukipakia upya yanaweza kufutika.

Tukaanza na cha matangazo. Wilaya zikaja! Nikanyamaza kimya. Cha kutafsiri, sawa. Cha weusi, sawa. Nywila, picha, Kiingereza, video, vyote sawa. Cha nane, kile cha kaka: tupu.

Rumeti bado hakuridhika. Akakizima hicho kimoja, saba vikabaki vinawaka: wilaya zikaja. Akageuza, saba vikazimwa, hicho peke yake kikawashwa: tupu. Hapo ndipo tukajua anafanya uovu peke yake, hasaidiwi na mwenzake. Maana wakati mwingine viendelezi viwili kila kimoja ni kizuri, vikikutana ndio vinagombana.

Tukabonyeza F12, tukaenda sehemu ya Console, tukakuta mstari mwekundu:

```
net::ERR_BLOCKED_BY_CLIENT
```

Maana yake ombi limezuiwa humo humo kwenye kivinjari, halijafika hata kwenye seva. Orodha ya wilaya ilikuwa inaletwa kutoka anwani nyingine tofauti na ya tovuti yenyewe, na kiendelezi kikadhani ni mtu anayenifuatilia. Ila ule mstari haukutaja kiendelezi kwa jina. Ungetuambia kuna mzuiaji, ila kumjua ni yupi, bado ni kuwasha kimoja kimoja.

Sikukifuta. Nikaingia kwenye mipangilio yake nikaiweka ile tovuti kwenye orodha ya zinazoachwa, nikapakia upya, wilaya zikaja na chenyewe kikiwa kinawaka. Vile vya kupakua video na kupiga picha nimevitoa, sikumbuki hata mara ya mwisho kuvitumia.

Kaka nimempigia leo asubuhi. Anasema hakumbuki kama aliwahi kuniwekea kitu. Muheza hiyooo, tutaonana fildi. Alamsiki!