Baadhi ya Wananchi

Chukua gazeti lolote la Kiswahili, fungua kurasa za habari za mikoani, soma maandishi madogo chini ya picha. Utakuta Mkuu wa Wilaya (kulia) akimkabidhi fulani mfano wa hundi, na nyuma yao "baadhi ya wananchi wakishuhudia". Mkuu wa Wilaya ana jina, cheo na upande aliosimama. Wale wengine hamsini wamepewa neno moja: baadhi.

Nimefanya kazi ya habari Singida kwa miaka kadhaa sasa, na hilo "baadhi" ndilo limenifundisha kuheshimu maelezo ya picha kuliko habari yenyewe. Kuna binti mmoja wa Iramba aliwahi kunionyesha kipande cha gazeti alichokihifadhi ndani ya Biblia. Mama yake yuko pale, mstari wa mbele, ushungi wa njano, kacheka mpaka macho yamefumba. Ndiyo picha pekee ya marehemu ambayo familia inayo. Chini yake pameandikwa: "Akina mama wakifurahia ujio wa mgeni rasmi." Binti alikuwa na swali dogo tu: hiyo ilikuwa siku gani, na mama alikuwa amekwenda kufanya nini? Picha haikuweza kumjibu. Maneno yangeweza, maana mwandishi alikuwepo na mdomo anao.

Sasa, kupata jina si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Ukimuuliza mwanamke wa huku anaitwaje, atakujibu Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hilo ni jina la heshima, lakini mtaani wako akina Mama Neema watano. Unamwomba basi majina yake mawili au matatu, na unamwomba akutajie herufi. Kinyaturu kina ile "gh" ambayo mtu wa Dar anaila bila kujua. Ndiyo maana jina la ukoo la Tundu Lissu, Mughwai, utalikuta mahali pengine limeandikwa Mugwai, na Kata ya Ughandi ikawa Ugandi. Mimi huandika jina kwenye daftari kwa herufi kubwa, namwonyesha mwenyewe au mwanawe anayesoma, kisha naupiga picha ule ukurasa papo hapo. Kwenye kamera, ukurasa unakaa mara tu baada ya sura yake, na jioni sihitaji kukumbuka nani alikuwa nani.

Linalofuata ni upande. "Kushoto" katika maelezo ya picha ni kushoto kwa msomaji anayeitazama, si mkono wa kushoto wa aliyepigwa. Hilo wengi wanalijua. Linalosahaulika ni kwamba msanifu wa ukurasa akikosa nafasi, anaikata picha pembeni. Ukiwa umeandika "wa tatu kushoto" na mtu wa kwanza akakatwa, jina linahamia kwa jirani bila yeyote kugundua mpaka simu zianze kuita. Kwa hiyo kwenye kundi naongeza alama isiyohama: mwenye ushungi wa njano, aliyeshika jembe. Hata picha ikikatwa, ushungi unabaki na mwenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa kwetu kabisa. Mkoani hapa wako Wanyaturu, na wako pia Wadatoga, ambao wengine huwaita Wataturu. Majina yanafanana kwa sikio, lakini hawa ni watu wawili tofauti: Kinyaturu ni lugha ya Kibantu, Kidatoga ni ya Kiniloti. Mhariri aliye mbali akiona "Mtaturu" anadhani ni kosa la uchapaji, anakusahihishia kuwa "Mnyaturu". Na akimwona mwanamke wa Kibarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, amevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba, haraka haraka anaandika Mmasai. Wengine huandika Mang'ati, jina ambalo Wamasai waliwapa likiwa na maana ya adui. Hebu fikiria kupigwa picha nyumbani kwako, kisha gazeti likutambulishe kwa jina la adui. Kanuni yangu ni fupi: kabila halisomwi kwenye nguo. Kama habari inalihitaji, namuuliza mwenyewe anajiitaje na naandika hivyo, pamoja na kidokezo kwa mhariri kwamba si kosa la chapa. Kama habari hailihitaji, naliacha.

Mahali nako kuna shughuli yake. Ukiandika "Singida" peke yake, msomaji hajui ni mji, wilaya au mkoa. Tena Ikungi na Mkalama zilianzishwa kuwa wilaya mwaka 2012, kwa hiyo picha ya zamani ya Nduguti itasema Iramba na ya leo itasema Mkalama, na zote ni kweli kwa wakati wake. Kwa hiyo naandika kijiji au kata, kisha wilaya, kisha tarehe kamili. "Wiki iliyopita" ina maana kwa wiki moja tu.

Yote hayo ni utambulisho. Kinachobaki ndicho ninachokipenda: kusema kile ambacho jicho haliwezi kuona. Nitatoa mfano mmoja. Picha inaonyesha mwanamke amekaa juu ya magunia nje ya mashine ya kukamulia alizeti. Nyuma yake kuna foleni ya magunia mengine na madumu ya njano. Maelezo ya kwanza yaliyokuja kichwani mwa mwenzangu yalikuwa haya: "Mkulima mwenye uchovu akiwa amekaa juu ya magunia ya alizeti." Magunia tunayaona. Kukaa tunakuona. Uchovu hatujaambiwa, tumeubuni sisi. Ukifuta hayo yote, linabaki neno "mkulima".

Basi tukarudi tukamuuliza. Dakika kumi hivi. Yakatoka haya, na jina lake naweka nukta hapa kwa sababu ruhusa aliyotoa ilikuwa ya gazeti:

"… , mkulima wa Kata ya Ughandi, Wilaya ya Singida, akisubiri zamu ya kukamua alizeti, Jumatano, Juni 12, 2024. Alifika jana yake jioni, umeme ukakatika, akalala hapo hapo. Magunia yake 4 baadaye yalitoa mafuta lita 60. Hakulipa fedha, mwenye mashine alibaki na mashudu."

Sentensi ya kwanza inasema tunachokiona, na ndiyo maana kitendo kiko katika "akisubiri", kama kinatokea sasa. Zinazofuata zinaingia kwenye wakati uliopita, kwa sababu zinaeleza yaliyo nje ya fremu: usiku ule, umeme, malipo. Habari kubwa imo kwenye hayo mashudu. Ni chakula cha mifugo na yanauzwa, kwa hiyo kukamua "bure" kuna bei yake, na bei hiyo haionekani hata ukipiga picha elfu moja za mashine ile.

Hatukuandika kwamba amekasirika au ameridhika. Tulipomuuliza kuhusu mashudu alinyanyua mabega tu, na kunyanyua mabega si jibu la kunukuliwa. Tulimsomea maelezo yote kwa sauti kabla hatujaondoka. Akasikiliza mpaka mwisho, akasahihisha kitu kimoja: sisi tulikuwa tumeandika magunia 3. La nne, alisema, ndilo alilokuwa amelikalia.