Usaili Nilioukataa Kibondo

Jamani, ajira ni ngumu na wote tunajua. Ndiyo maana rafiki zangu walishangaa nilipokataa kwenda kwenye usaili Kibondo.

Kwetu Kasulu, mhitimu akisema anatafuta kazi, wengi hufikiria mashirika ya kambini: Nyarugusu, iliyopokea Wakongo tangu 1996, au Nduta ya Kibondo, iliyofunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi. Mimi nimesoma takwimu, na lengo langu ni uchambuzi wa data. Tangazo nililoomba lilisema "Msaidizi wa Takwimu". Malipo hayakutajwa.

Mwaliko ulikuja Jumatano kwa barua pepe, usaili ukiwa Jumatatu. Sikukataa papo hapo. Nilijibu kwanza kwa kuuliza mambo mawili: kazi za kila siku ni zipi, na malipo ni mshahara au posho? Majibu yalikuja kesho yake: kuhakiki majina siku za mgao na kupanga foleni, posho shilingi 250,000 kwa mwezi, miezi mitatu.

Neno "posho" lina uzito wake. Mwenye mshahara huchangiwa NSSF, anayejitolea kwa posho hachangiwi. Nikapiga hesabu. Chumba 50,000, chakula 5,000 kwa siku ni 150,000, bodaboda kwenda na kurudi 2,000 kwa siku 22 ni 44,000. Zinabaki 6,000. Na uchambuzi wenyewe haumo.

Baba mdogo alisema, "Mwanangu, kazi ni kazi, nenda tu." Nikamjibu, "Baba, nikienda na nia ya kukataa baadaye, nitakuwa nimekalia nafasi ya mtu." Akanyamaza, ila hakufurahi. Kweli, nisingekuwa na tuisheni ninayofundisha hapa Kasulu, huenda ningeenda.

Ijumaa asubuhi niliandika hivi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu, nashukuru kwa mwaliko wa usaili wa nafasi ya Msaidizi wa Takwimu, Jumatatu, Kibondo. Baada ya kupata ufafanuzi wa majukumu na malipo, nimeona hayaendani na malengo yangu ya kikazi kwa sasa. Naomba kutohudhuria, ili nafasi yangu apewe mwombaji mwingine. Nitafurahi kufikiriwa ikitokea nafasi ya uchambuzi wa data."

Sikuandika kwamba posho ni ndogo, maana hiyo inasikika kama lawama, au kama unaanza kubembeleza iongezwe. Sikusingizia ugonjwa wala msiba pia. Kibondo na Kasulu ni jirani; anayekusaili Nduta leo, kesho utamkuta Nyarugusu, na uongo utakuwa umekutangulia. Kisha nikapiga simu kuhakikisha ujumbe umefika, kwa sababu mtandao wetu nao una siku zake.

Jibu lao lilikuwa mstari mmoja: asante kwa kutujulisha mapema, tumeshamwita mwingine.