Kuketi Pembeni Kabla ya Kupokea Simu

Katika likizo ndefu kabla ya mwaka wa pili nilifanya kazi kwenye kituo kidogo cha simu hapa Kampala. Kilikuwa na viti vinane na msimamizi mmoja. Wateja wetu walikuwa wamenunua taa za sola kwa mkopo: mteja analipa kidogo kidogo kwa pesa za simu, kisha anatumiwa namba ya kubonyeza kwenye kifaa chake ili taa ziwake kwa siku alizolipia. Kwa hiyo anayepiga simu jioni mara nyingi ameketi gizani, na pesa zake zimeshaondoka.

Mgeni wa kazi alifundishwa siku mbili kuhusu historia ya kampuni na aina za taa, na siku ya tatu alivaa vifaa vya masikioni peke yake. Wawili kati ya watano tulioanza pamoja waliacha kazi kabla ya mwezi kwisha. Aina za taa walizijua vizuri. Kilichowashinda ni kusikiliza mtu mwenye hasira, kutafuta akaunti yake kwenye skrini na kuandika maelezo, yote kwa wakati mmoja.

Msimamizi alibadilisha mpango, na wa pili ndio ninaotaka kuueleza. Siku ya kwanza mgeni aliketi pembeni ya mhudumu mzoefu, wote wakisikia simu moja kwa waya uliogawanyika mara mbili. Hakukaa bure. Kwa kila simu aliandika mteja alisema nini kwanza, tatizo lenyewe lilikuwa nini, na mhudumu alifungua ukurasa gani. Majibu mawili ya kwanza hayafanani mara nyingi kama mtu anavyodhani. Siku ya tatu mzoefu alizungumza na mgeni akaandika. Siku ya tano wakabadilishana: mgeni akazungumza, mzoefu akashika kompyuta. Mdomo na mikono vilifundishwa mbalimbali kwanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu ya mpango mzima.

Wiki ya pili mgeni alipokea simu mwenyewe, lakini kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana tu, wakati simu zilikuwa chache, na zilizohusu malipo tu. Nyingine alimpa jirani yake.

Chukua simu ya mama mmoja kutoka Gulu. Amelipa tangu asubuhi, namba haijaja. Mgeni anafungua akaunti yake na haoni malipo yoyote. Jibu rahisi ni, "Subiri hadi kesho, mama," na mteja anakubali kwa sababu hana la kufanya. Jibu la kazi ni kumwomba asome namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wake wa malipo, kisha kuitafuta namba hiyo. Malipo yanaonekana kwenye akaunti ya mtu mwingine. Mama alikosea tarakimu moja. Mgeni hana ruhusa ya kuyahamisha, ni kazi ya watu wa hesabu, kwa hiyo anawaandikia na kumweleza mama ni nani atakayehamisha na lini. Tena anaandika kwenye akaunti yake yote mawili, ili mhudumu wa jioni asianze upya.

Kwa wiki hizo muda wa simu haukupimwa. Mgeni anayehesabiwa dakika hujifunza haraka kusema "subiri hadi kesho." Msimamizi aliangalia kama mteja yuleyule amepiga tena ndani ya siku mbili, na kwenye rekodi alisikiliza mara ambazo mgeni alimsubirisha mtu. Kusubirisha mara tatu katika simu moja kulionyesha kwamba hajui ukurasa upi wa kufungua, hivyo alirudi kuketi pembeni nusu siku.

Kiswahili nacho kilihitaji saa zake. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, na mgeni aliyetafsiri papo hapo alimwambia mteja "akaunti yako haiakisi malipo," maneno ambayo askari mstaafu wa Arua hakuyaelewa hata kidogo. Tulikubaliana kusema "malipo hayajaingia kwako."

Mpango huu una gharama. Wageni wawili wakiketi pembeni, wazoefu wawili wanafanya kazi polepole, na katika viti vinane hiyo ni robo ya kituo, kwa hiyo hatukuweza kupokea zaidi ya wageni wawili kwa mara moja. La zamu ya usiku halikutatuliwa. Usiku huwa na wahudumu wawili tu na msimamizi amekwenda nyumbani, hivyo mgeni hakupaswa kupangiwa kabla ya wiki ya tano. Lakini wengi walioomba kazi walikuwa wanafunzi kama mimi, na masomo yakifunguliwa, usiku ndio muda pekee tulionao.