Chai ya Saa Nne

Kwa miezi miwili nilimeza vidonge vya kuongeza damu bila kuruka hata siku moja. Mimi ni mvivu wa mambo mengi lakini si wa dawa. Kila asubuhi, kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, mandazi mawili, kidonge kimoja. Halafu nilirudi kliniki wakanitoboa kidole tena. Mara ya kwanza damu yangu ilikuwa 8.4. Mwanamke asiye na mimba anafaa kuwa na angalau 12. Baada ya miezi miwili: 8.7.

Nilitaka kulia. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sababu kubwa ilikuwa karo, sitadanganya, lakini pia nilikuwa nimeshindwa kuamka. Ngazi za hosteli zilinifanya nihema kama mzee, na kila mtu, mimi nikiwemo, alisema ni uvivu. Kumbe hedhi yangu nzito ilikuwa inanimaliza polepole. Sasa nimejua ugonjwa, nimepata dawa, na dawa haifanyi kazi?

Nilipitia duka la dawa kuchukua pakiti nyingine. Mzee wa pale akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

“Unameza na nini?”

“Na chai.”

“Ya rangi?”

“Ya maziwa.”

Akacheka kidogo. “Basi msichana wangu, umekuwa ukikinunulia choo dawa.”

Akanieleza. Kidonge changu cha feras salfeti cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 tu za chuma chenyewe, na chuma hicho lazima kiyeyuke tumboni ndipo utumbo ukinyonye. Majani ya chai yana tanini, kile kitu kinachoukausha ulimi. Tanini hukikamata chuma, vinashikana, na utumbo hauwezi kuvitenganisha. Maziwa nayo yana kalsiamu, ambayo pia huziba njia. Kahawa ni vilevile. Hata maharagwe na unga usiokobolewa huzuia kiasi. Si vyakula vibaya, ila visikutane na kidonge saa moja.

Nikamwambia pia huwa natafuna dawa ya kiungulia usiku. Akatikisa kichwa. Asidi ya tumbo ndiyo inayosaidia kuyeyusha chuma. Ukiizima, umejinyima tena. Akaniambia nimuulize daktari kabla ya kuendelea nayo, na nisiitumie karibu na saa ya kidonge.

Ratiba mpya ikawa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu, kidonge na glasi ya maji, kisha chungwa au pera, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kupita. Nasubiri saa nzima ndipo nile. Chai, saa nne.

Kwa nini asubuhi? Ini hutoa homoni inayoitwa hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kuingia kwenye damu. Kwa kawaida huwa chini asubuhi na hupanda mchana. Tena ukimeza kidonge, inapanda na kukaa juu kwa karibu siku nzima. Kwa hivyo kumeza viwili ili ufidie hakukupi maradufu, kunakupa kichefuchefu. Nilipomweleza daktari vile tumbo lilikuwa linaniuma, akanibadilishia: kidonge kimoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Akasema tumbo likikataa kabisa, afadhali nimeze na chakula kidogo kuliko kuacha. Na choo cheusi kisinitishe, ni chuma kilichobaki. Kikiwa cha kunata kama lami na kunuka vibaya, hapo niende hospitali.

Ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Nilienda kwa Mama wikendi, na kwa Mama chai ndiyo salamu. Saa moja asubuhi kikombe kiko mezani.

“Mama, siwezi saa hii. Niwekee ya saa nne.”

“Chai yangu imekukosea nini?”

Nilimweleza mpaka hepsidini. Aliniangalia kimya, kisha akasema mambo ya mjini ni mengi. Lakini saa nne alinifungulia thamosi bila neno.

Wiki nne baadaye damu ilikuwa 10.2. Baada ya miezi mitatu, 12.3. Nilitaka kuacha siku hiyohiyo. Daktari akanizuia: damu imejaa lakini ghala bado tupu, kwa hivyo miezi mitatu mingine. Hedhi nayo tunaishughulikia, maana huwezi kujaza ndoo iliyotoboka.

Sisemi chai ndiyo iliyonitoa chuoni. Lakini juzi nilipanda ngazi hadi orofa ya tano kupeleka kazi ya mteja, nikafika juu, nikagundua sikuwa nimesimama hata mara moja. Nilikaa pale kwenye ngazi dakika kadhaa, si kwa kuchoka. Nilikuwa namfikiria yule msichana wa hosteli, na jina la uvivu alilobebeshwa.