Simu Yagawa Mtandao, Wageni Hawapati Kitu

Siku hizi katika nyumba nyingi za hapa Kirungu simu moja hulisha nyumba nzima. Baba au mama hununua kifurushi cha data, kisha huwasha hotispoti, ili mtoto asome katika simu yake, au mwalimu atume karatasi zake kwa kompyuta. Tena twajua sote taabu inayotokea. Kompyuta yaliona jina la simu, yalikubali neno la siri, yaandika kwamba imeunganishwa. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Ndipo watu husema, «Mnara ni mbaya leo,» au, «Kifurushi kimekwisha,» nao hukimbilia kununua kingine. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu kizuizi hakiko mnarani wala katika kifurushi. Kimo ndani ya simu yenyewe, nacho ni amri ya akiba ambayo mwenye simu aliitoa zamani akaisahau.

Ili tufahamu jambo hili, hatuna budi kujua kwamba hotispoti ina njia mbili. Njia ya kwanza ni fupi: yatoka katika kompyuta na kufika katika simu iliyo mezani. Njia ya pili ni ndefu: yatoka katika simu na kufika mnarani, na kutoka huko kwenda ulimwenguni. Alama ya kuunganishwa anayoiona mgeni yahusu njia ile fupi tu. Yamwambia kwamba amepokelewa mlangoni. Haimwambii kwamba chakula kimo chunguni. Basi njia ya pili ikifungwa, hotispoti yaweza kuendelea kuwaka vizuri kabisa, na wageni wasipate kitu.

Jirani yetu mmoja, mwalimu, alipatwa na mambo hayo mara mbili katika siku mbili, na kila mara kwa sababu nyingine. Alikuwa akimsaidia kijana aliyemaliza shule kutuma fomu ya kuomba nafasi katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Fomu ile ilipasa kujazwa kwa kompyuta, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe 23, saa sita mchana.

Jioni ya tarehe 22 kazi ilianza vizuri. Walifungua ukurasa wa kwanza, wakaanza kujaza majina. Baada ya dakika chache kompyuta ikanyamaza. Mwalimu akaishika simu ili atazame, kioo kikawaka, na mara mtandao ukarudi. Wakaendelea, simu ikalala tena mezani, na mtandao ukakatika tena. Dalili hiyo yatosha kuonyesha mkosaji. Betri ilikuwa imebaki asilimia 17, na simu ilikuwa imejiwekea yenyewe ile hali inayoandikwa kiooni «Économiseur de batterie». Katika hali hiyo simu hupunguza kazi zote zisizoonekana machoni pa mwenyewe. Tena simu za viwanda vingine hufunga data kabisa kioo kinapozimika, zikidhani kwamba hakuna anayeihitaji. Simu haikumfikiria mgeni aliye upande wa pili wa meza. Mwalimu aliiunganisha simu na betri ya sola, akaizima hali ile ya akiba, na mtandao haukukatika tena mpaka walipokwenda kulala.

Asubuhi yake betri ilikuwa imejaa na kioo kilikuwa kikiwaka. Hata hivyo, hakuna kilichofunguka. Mwalimu akanunua kifurushi cha gigabaiti 1 cha siku moja. Ujumbe wa kampuni ukaja kuthibitisha kwamba amekipata. Hakuna kilichobadilika. Alikuwa karibu kununua cha pili, nasi tukamwomba afanye kwanza jaribio moja dogo: afungue katika simu yenyewe, si katika kompyuta, ukurasa ambao hajaufungua kamwe. Twasema ambao hajaufungua kamwe, maana ukurasa wa zamani huenda umehifadhiwa ndani ya simu, ukamdanganya mtu. Ukurasa ukakataa. Basi tukajua kwamba kompyuta haina kosa, wala hotispoti. Njia iliyofungwa ni ile ndefu, nayo imefungwa kwa wote, mwenyeji na wageni pamoja.

Tukaingia mahali pa matumizi ya data katika simu. Hapo tukakuta «Limite de données» imewekwa gigabaiti 3 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1, na mstari wa hesabu umejaa wote. Mwalimu akakumbuka kwamba aliweka mpaka huo mwaka uliopita, alipokuwa na simu peke yake, bila kompyuta. Ujumbe wa kumwonya ulikuwa umekuja usiku, naye aliuondoa bila kuusoma.

Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Kuna hesabu mbili, wala hazisemezani. Kampuni huhesabu kifurushi ulichonunua. Simu huhesabu data iliyopita ndani yake tangu siku ya kuanza mwezi. Ukinunua kifurushi kipya, hesabu ya kampuni huanza upya, lakini ya simu haisogei nyuma hata kidogo. Mpaka ukiisha kufikiwa, waweza kununua vifurushi vitano, na simu itaendelea kuufunga mlango, na kile cha siku moja kitakwisha muda wake bila kuguswa. Mwalimu alipandisha mpaka ukawa gigabaiti 6. Kitambo kidogo ukurasa ukafunguka, na fomu ya kijana ikaondoka kabla ya saa tano.

Je, gigabaiti 3 zilikwenda wapi? Hesabu ya simu ilionyesha kwamba zaidi ya nusu zilipita kwa hotispoti. Kompyuta haijui kwamba inakunywa katika kikombe cha jirani. Hudhani imefika kisimani, ikajiletea kimyakimya marekebisho yake makubwa. Yafaa kuiambia, katika habari za Wi-Fi ile, kwamba ni «Connexion limitée», ndipo itakapojizuia.

Iwapo simu yenyewe yafungua ukurasa mpya vizuri, na wageni tu ndio wasiopata, tutafute kwingine. Tutazame kama ndani ya mipango ya hotispoti kuna mpaka wake wa pekee, maana simu kadhaa zina mpaka wa namna hiyo. Tutazame pia «Économiseur de données», ambayo si ile ya betri: katika simu nyingi hiyo haikubali kabisa kugawa, na kitufe cha hotispoti huwa kimefifia. Na kama ujumbe wa WhatsApp wafika lakini kurasa hazifunguki, huenda kifurushi kilinunuliwa kwa ajili ya ujumbe tu. Hapo simu haina kosa lolote.

Wahenga walisema akiba haiozi, wala hatuwashauri wasomaji waondoe kila mpaka. Lakini mahali palepale pa mpaka pana kitu kingine, yaani onyo. Onyo hukuarifu kwamba umefikia kiasi fulani, lakini halikati kitu; mpaka hukata. Kwa simu inayolisha nyumba nzima, twaona yafaa kuweka onyo katika gigabaiti 3 na mpaka mbali zaidi, na kusoma ujumbe wa simu kabla ya kuuondoa.