Mtoto hajambo?

Jamani, hamjambo? Mkijibu "hatujambo" kabla ya kufikiri, basi hadithi hii inawahusu.

Mwaka jana mmoja wetu alikuwa anasaidia kutafsiri kwenye kituo cha afya hapa kambini. Aliingia mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri. Mhudumu, kijana mpole tu, alimsalimia vizuri: "Hujambo, mama?" Mama akasema, "Sijambo." Mhudumu akaangalia kitabu, akaona mtoto aliletwa juzi kwa kuharisha. Akauliza, "Mtoto hajambo?" Mama akajibu, "Hajambo." Mhudumu akaandika kwamba mtoto amepata nafuu, akaita mwingine.

Mwenzetu alibaki anamtazama yule mama. Mbona mtu atembee saa nzima kuja kusema mtoto amepona? Akamuuliza pembeni, "Mama, tangu jana jioni ameharisha mara ngapi?" Mama akahesabu kwa vidole: mara saba. Na hanyonyi. Basi wakarudishwa ndani haraka, mtoto akapewa maji yenye chumvi na sukari, yale ya pakiti. Alipona.

Jioni tulikaa kuzungumza. Nani alikosea? Tulipochunguza neno lenyewe tuliona kwamba hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alishika upande wake wa neno moja.

"Hujambo" ni ufupi wa "huna jambo". Jambo hapo ni shida, ni tukio lililokufika, kama mtu anapokuja mbio na wewe unamuuliza, "Kuna jambo?" Kwa hiyo anayekuamkia anauliza kwa njia ya kukanusha: hakuna lililokupata, sivyo? Na wewe unamtuliza: sina jambo, sijambo. Jibu limeshawekwa ndani ya swali. Kusema "ninalo jambo" pale mlangoni, kabla hata hujakaa, wazee wetu wataona umekosa adabu.

Lakini neno hilohilo lina kazi ya pili. Tukimzungumzia mgonjwa, "hajambo" maana yake amepata nafuu. "Leo hajambo kidogo," tunasema, yaani jana alikuwa na hali mbaya zaidi. Basi mhudumu aliuliza kuhusu ugonjwa, mama akaitikia salamu. Neno moja, milango miwili, na kila mtu akapita wa kwake.

Hapa Nyarugusu tuko Wakongo na Warundi, na wengine wetu wana lugha tatu nne nyumbani. Tukaanza kuulizana: kwenu mnaulizana nini? Wenzetu wanaosema Kilingala wakasema wao huuliza "Sango nini?", habari gani? Na mtu anaweza kujibu "Sango te", hakuna habari. Tukacheka, maana ni sijambo yenyewe hiyo! Sango ni habari, na asiye na habari yuko salama. Warundi nao huuliza "Amakuru?", habari pia. Na hii "habari" yetu ya Kiswahili imetoka kwenye Kiarabu, khabar, maana ileile. Watu wote hawa wanaulizana kama kuna kilichotokea, na wote wanatamani kusikia kwamba hakuna.

Ila salamu iliyotugusa zaidi ni ya asubuhi. Kwa Kirundi watu husema "Mwaramutse". Inatoka kwenye kuramuka, kuamka, kuuvuka usiku ukafika asubuhi. Na kusalimia kwenyewe wanakuita kuramutsa. Hapo mmoja wetu akasema: ngoja, si sawasawa na Kiswahili? Tunasema kuamka, kisha tunasema kumwamkia mtu. Hata neno maamkizi limetoka hapo hapo. Na Kilingala nacho, kuamka ni kolamuka. Amka, ramuka, lamuka: mzizi mmoja wa kale uliosambaa katika lugha za Kibantu. Kwa hiyo Kiswahili na Kirundi vimepata jina la kusalimia kutoka sehemu moja: asubuhi, mtu anahakikisha kama mwenzake ameamka.

Wenzetu Warundi hawakuhitaji kuelezwa hilo. Mwaka 2015 walikuwa watoto, na baadhi yao walipita Kagunga, kijiji kidogo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kabla meli ya Liemba haijawachukua kwenda Kigoma. Maelfu ya watu walilala nje, na kipindupindu kikaingia. Dada mmoja kati yetu anakumbuka kwamba kila alfajiri bibi yake alikuwa anapita kati ya watu waliolala, anasema "Mwaramutse, mwaramutse", na anasubiri kila mmoja aitikie. Yeye alidhani bibi ana heshima sana. Siku moja bibi alisema mara mbili mbele ya kitenge kimoja, halafu mara ya tatu, halafu akakaa chini. Ndipo yule dada akajua kwamba bibi alikuwa anahesabu.

Tangu atuambie hayo, "umeamkaje" haituponyoki tena bila kusikia tunachouliza. Lakini tunajua pia kwamba salamu haiwezi kubeba kila kitu. Ikiwa kila "habari" ingejibiwa kwa ukweli wote, hakuna ambaye angefika bombani kuteka maji. Salamu inafungua mlango tu. Ukweli huja baadaye, na mara nyingi huja nyuma ya neno dogo: "Nzuri, ila..." "Hatujambo, isipokuwa huyu mdogo..." Wakati mwingine hata "ila" haipo. Unasikia "Tuko tu" au "Nzuri kidogo". Mzoefu wa Kiswahili anajua kwamba hiyo "kidogo" inamaanisha kuna jambo.

Kwa hiyo, dada na kaka mnaofanya kazi na sisi, ombi letu ni dogo. Msiache kusalimia, mtu asiyesalimiwa hatawaambia chochote. Salimieni, ngojeni mzunguko wote uishe, wa nyumbani, wa watoto, wa safari. Msiandike kitu bado. Halafu ulizeni swali ambalo halina jibu lililokwisha kutengenezwa na mababu: Usiku alilala saa ngapi? Ameharisha mara ngapi? Jana mlikula nini? Hapo mtu hawezi kuitikia tu, inabidi akumbuke. Na mkisikia "ila", nyamazeni, mumwache amalize.

Na sisi vijana tunaotafsiri tumekubaliana hivi: mama akisema "hajambo", hatumwambii mhudumu "amepona". Tunamwambia, "Amekusalimia. Sasa muulize."

Yule mama tulikutana naye tena sokoni wiki iliyofuata. Tukamwamkia, "Mama, mtoto hajambo?" Akasema, "Hajambo." Halafu akatucheka, akamgeuza mtoto mgongoni tumwone uso, akaongeza: "Hajambo kweli."