Barua ya dada yetu muuguzi

Dada yetu, muuguzi wa A2 katika nyumba ya uzazi mjini Bukavu, alipokubaliwa ISTM ili asomee A1, alituomba tumsaidie kuandika barua ya kuacha kazi. Alitaka kuondoka juma lile lile.

Tukaifungua Sheria ya Kazi ya 2002. Mkataba wake hauna mwisho uliowekwa. Mwajiri anayevunja mkataba wa namna hiyo hutoa taarifa ya siku 14 za kazi, akiongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe hudaiwa nusu tu. Dada ametumika miaka 4: 14 na 28 ni 42, basi nusu yake ni 21. Hesabu huanza kesho yake baada ya barua kupokelewa, ndiyo maana alijiwekea nakala yenye tarehe na sahihi ya mpokeaji.

Sababu ilitosha mstari mmoja: masomo. Mshahara uliochelewa hatukuutaja (si mahali pake), ila tuliomba cheti cha utumishi. Aya ndefu ilihusu makabidhiano: ufunguo wa kabati la dawa, daftari la uzazi, na zamu za usiku ambazo atazifanya kwanza pamoja na atakayempokea. Mkuu wa wauguzi aliisoma aya hiyo mara mbili, kisha akauliza: “Huyo atakayekupokea, tumtafute wapi?”